Alhamisi ya tatu inapotoka vibaya: dalili, visababishi na namna ya kurekebisha

Vikundi vingi vya Goma havipangi mikutano kwa tarehe, vinapanga kwa siku: likelemba inakaa Alhamisi ya tatu, kamati ya wazazi inakaa Alhamisi ya tatu, michango inapokelewa Alhamisi ya tatu. Kwenye barua ya Kifaransa inaandikwa «troisième jeudi du mois». Kila mwezi mtu fulani lazima aigeuze kauli hiyo iwe tarehe, na hapo ndipo makosa yaleyale hurudi.

Kabla ya kutafuta kosa, jibu lako lipitishe kwenye kipimo kimoja. Alhamisi ya kwanza ya mwezi wowote lazima iwe kati ya tarehe 1 na 7, maana katika siku saba za mwanzo kila siku ya juma hupita mara moja tu. Alhamisi ya tatu iko siku 14 baadaye. Kwa hiyo lazima iwe kati ya 15 na 21. Haiwezi kuwa 14, haiwezi kuwa 22, uwe mwezi wa siku 28 au wa siku 31.

Njia yenyewe ni fupi. Tafuta tarehe 1 ni siku gani. Tembea kutoka hapo hadi Alhamisi ya kwanza, ukisoma tarehe kwa sauti pamoja na siku. Ongeza 14. Ukifanya hivyo kwa kila mwanzo unaowezekana, majibu yanajipanga kwa mfuatano ambao ni rahisi kuushika kichwani, kwa sababu siku zinarudi nyuma moja moja huku tarehe zikipanda moja moja:

- Tarehe 1 ikiwa Alhamisi: 15
- ikiwa Jumatano: 16
- ikiwa Jumanne: 17
- ikiwa Jumatatu: 18
- ikiwa Jumapili: 19
- ikiwa Jumamosi: 20
- ikiwa Ijumaa: 21

Watu huona ajabu kwamba Ijumaa na Alhamisi, siku zilizo jirani, zinatoa majibu yaliyo mbali kuliko yote. Sababu ni kwamba mwezi ukianza Ijumaa, Alhamisi imepita jana yake, ndani ya mwezi uliokwisha, na inabidi kungoja siku sita nzima ili irudi.

Dalili ya 1: Jibu liko chini ya 15, mara nyingi 12, 13 au 14

Hili ndilo kosa linaloripotiwa kuliko mengine yote, na karibu kila mara kisababishi ni kimoja: mtu amehesabu mistari ya kalenda badala ya kuhesabu Alhamisi. Anashuka hadi mstari wa tatu, anasoma tarehe iliyo chini ya Alhamisi, anaandika. Miezi mingine inamkubalia, ndiyo maana anaiamini njia hiyo. Mwezi unaoanza baada ya Alhamisi ndio unaomwangusha.

Tuchukue Mei 2026. Tarehe 1 ni Ijumaa. Kalenda ya ukutani ya Kifaransa, inayoanza na Jumatatu, inaonekana hivi:

```
 L  M  M  J  V  S  D
             1  2  3
 4  5  6  7  8  9 10
11 12 13 14 15 16 17
18 19 20 21 22 23 24
25 26 27 28 29 30 31
```

Weka kidole juu ya J, ushuke. Chumba cha kwanza kiko tupu. Tarehe 7 ni Alhamisi ya kwanza, 14 ya pili, 21 ya tatu. Aliyehesabu mistari amesimama kwenye 14, kwa sababu amekipa kile chumba kitupu namba moja. Dawa ni kuhesabu tarehe zilizoandikwa chini ya J peke yake, huku vyumba vitupu ukivipita bila kuvitaja.

Kisa kigumu zaidi ni mwezi unaoanza Jumapili, kama Februari, Machi na Novemba 2026. Hapo watu wawili wanaweza kuhesabu mistari kwa njia ileile, kila mmoja kwenye kalenda yake, wakapata majibu mawili. Kwenye kalenda inayoanza na Jumatatu, mstari wa kwanza wa Februari 2026 una tarehe 1 tu, pembeni kabisa mwishoni, na mstari wa tatu unakwenda 9 hadi 15: Alhamisi yake ni 12. Kwenye kalenda inayoanza na Jumapili, mstari wa kwanza ni 1 hadi 7, wa tatu ni 15 hadi 21, na Alhamisi yake ni 19. Jibu sahihi ni 19. Wa pili amepata kwa bahati, na mwezi wa tano njia hiyohiyo itamtupa naye kwenye 14.

Hapa kuna swali moja la kuuliza kabla ya kumwambia mtu amekosea: je, kanuni ya kikundi inasema «Alhamisi ya tatu» au «Alhamisi ya juma la tatu»? Si kitu kimoja. Ya kwanza ina jibu moja tu. Ya pili inategemea juma linaanzia wapi, na kama siku chache za mwanzo wa mwezi zinahesabiwa kuwa juma. Ikiwa kitabu cha kikundi kina maneno hayo ya pili, usiyafasiri peke yako. Peleka swali kwa kamati, waandike upya.

Dalili ya 2: Jibu liko kati ya 22 na 28, nalo ni Alhamisi kweli

Umeongeza majuma matatu badala ya mawili. «Ya tatu» inavuta mkono kuandika 3 × 7, lakini Alhamisi ya kwanza tayari imekwisha kuhesabiwa, zinabaki mbili. Toa 7, umemaliza. Ukikuta 28 kwa mwezi ulioanza Ijumaa, basi ni 21.

Dalili ya 3: Jibu liko kati ya 15 na 21, lakini siku yenyewe ni Jumatano, Ijumaa au Jumamosi

Hii ni hatari kuliko zilizotangulia, kwa sababu kipimo cha 15 hadi 21 hakiikamati. Kila jibu lipime mara ya pili kwa kurudi nyuma: toa 7, toa 7 tena, utazame kama tarehe iliyobaki ni Alhamisi. Ikiwa si Alhamisi, idadi ya siku ulizopotea itakuambia umekosea wapi.

*Umezidi siku moja, na umeangukia Ijumaa.* Uliza kwanza kama uliongeza 15. Kwa wasomi wa Kifaransa majuma mawili ni «quinze jours», na juma moja ni «huit jours». Msemo huo umeingia hata katika Kiswahili chetu, mtu anasema «turudi kisha siku kumi na tano» akimaanisha siku ileile ya juma, baada ya majuma mawili. Msemo huo unaihesabu siku ya kuanzia pamoja na siku ya kufika. Katika mazungumzo hauna shida. Katika hesabu ya kuongeza unakuharibia: Alhamisi ya kwanza ya Julai 2026 ni tarehe 2, ukiongeza 15 unapata 17, nayo ni Ijumaa. Sahihi ni 16. Anayeongeza 8 mara mbili anapata 18, Jumamosi. Kwa hiyo Ijumaa inaelekeza kwenye 15, Jumamosi inaelekeza kwenye 8 na 8. Kutoka Alhamisi hadi Alhamisi ni 7, na mbili ni 14, hata kama mdomo unasema kumi na tano.

Kama hukuongeza 15, angalia ulivyotembea kutoka tarehe 1. Septemba 2026 inaanza Jumanne. Mtu anataja Jumanne, Jumatano, Alhamisi, anaona vidole vitatu, kisha anaongeza 3 juu ya tarehe 1 na kupata 4. Vidole vile tayari ni tarehe zenyewe: Jumanne 1, Jumatano 2, Alhamisi 3. Anayeongeza vitatu juu ya 1 ameihesabu Jumanne mara mbili, na atafika Ijumaa 18 badala ya Alhamisi 17.

*Umepungukiwa siku moja, na umeangukia Jumatano.* Ni kosa hilohilo kwa upande wa pili. Kutoka Jumanne hadi Alhamisi kuna hatua mbili, ukachukua hiyo 2 kuwa tarehe, ukaongeza 14, ukapata 16. Hatua zinaongezwa juu ya tarehe 1. Vidole haviongezwi juu ya kitu. Ndiyo maana inashauriwa kutaja siku na tarehe pamoja kwa sauti: «Jumanne moja, Jumatano mbili, Alhamisi tatu». Anayesema hivyo hana nafasi ya kukosea.

*Umepotea bila mpango.* Basi tarehe 1 yenyewe uliijua vibaya. Hili hutokea pasipo na kalenda, mtu anapokisia. Njia ya uhakika ni kuanzia siku ya leo. Tuseme leo ni Jumanne tarehe 24. Toa saba saba: 17, 10, 3. Tarehe 3 ni Jumanne, basi 2 ni Jumatatu na 1 ni Jumapili. Mwezi umeanza Jumapili, Alhamisi ya tatu ni 19.

Ukitaka mwezi unaofuata, sogeza siku ya tarehe 1 kwa kadiri ya siku zinazozidi majuma manne: mwezi wa siku 31 unasogeza siku 3, wa siku 30 unasogeza 2, Februari ya siku 28 haisogezi kitu, na ya siku 29 inasogeza 1. Januari 2026 ilianza Alhamisi. Sogeza 3, Februari inaanza Jumapili. Machi vilevile Jumapili. Sogeza 3, Aprili inaanza Jumatano. Sogeza 2, Mei inaanza Ijumaa.

Anayepanga miaka ya mbele aangalie Februari. Mwaka 2028 una Februari ya siku 29 inayoanza Jumanne. Machi inaanza Jumatano, na Alhamisi ya tatu ni 16. Aliyesahau siku ya 29 ataanzisha Machi siku ya Jumanne na kuandika 17, nayo ni Ijumaa. Kosa hilo halitakoma hapo, litavuta miezi yote iliyobaki ya mwaka.

Dalili ya 4: Hesabu ni safi, lakini watu wanakuja siku mbalimbali

Hapa tarehe haina kosa. Ni jina la siku lililosikiwa tofauti. Sehemu zetu zina namna mbili za kutaja siku, nazo hazianzii mahali pamoja. Katika Kiswahili cha nyumbani Jumatatu ni siku ya kwanza, Jumanne siku ya pili, Jumatano siku ya tatu, Alhamisi siku ya ine, Ijumaa siku ya tano, kisha siku ya posho na siku ya yenga. Majirani wa Gisenyi nao wanahesabu hivyo, Alhamisi kwao ni «kuwa kane», ya nne. Lakini Kiswahili cha vitabu kinaanza Jumamosi, ndiyo maana Jumatatu ina «tatu» ndani yake na Jumatano ina «tano». Na Alhamisi, neno la Kiarabu, maana yake ni ya tano, kwa hesabu inayoanza Jumapili.

Tazama basi «tano» iko mahali pangapi: Jumatano, Alhamisi kwa maana ya asili yake, na siku ya tano ambayo ni Ijumaa. Siku tatu zinazofuatana. Tena ukisema «Alhamisi ya tatu» kwa haraka penye kelele, mwingine atabaki na «ya tatu» tu, na kwake siku ya tatu ni Jumatano.

Kwanza muulize aliyekosea alisikia neno gani, sio alihesabu vipi. Halafu tangazo liandikwe na majina yote pamoja na tarehe: «Alhamisi, siku ya ine, jeudi 21/05/2026». Mwenye kupotea kwa jina atashikwa na tarehe. Na usiandike herufi peke yake: kalenda ya Kifaransa ina M mbili, ya Kiingereza ina T mbili, na moja ya hizo T ndiyo Alhamisi yenyewe.

Dalili ya 5: Excel inatoa Jumatano kila mwezi, au inatoa namba isiyoeleweka

Mwaka ukiwa katika A2 na mwezi katika B2, fomula ya Excel ya Kifaransa ni hii:

```
=DATE(A2;B2;15+MOD(4-JOURSEM(DATE(A2;B2;1);2);7))
```

Kama miezi yote kumi na miwili inaangukia Jumatano, ile `;2` iliyo baada ya mabano ya DATE ya ndani imekosekana. Bila hiyo, JOURSEM inahesabu Jumapili kuwa 1, na 4 inakuwa Jumatano. Mei 2026 itakupa tarehe 20. Ukiirudisha `;2`, Jumatatu inakuwa 1 na Alhamisi 4, sawasawa na siku ya ine, na unapata 21.

Ukiona `#NOM?`, umenakili fomula ya Kiingereza yenye WEEKDAY ndani ya Excel ya Kifaransa. Ukiona namba kama 46037, hakuna kilichoharibika: hiyo ni 15 Januari 2026 kwa hesabu ya ndani ya Excel, badilisha umbo la chumba liwe la tarehe.

Wanaoandika programu wenyewe hukutana na jibu la 14 kwa mwezi unaoanza Ijumaa, na 13 kwa unaoanza Jumamosi. Katika lugha kama JavaScript, baki ya namba hasi inatoka hasi: 4 toa 5 inabaki −1, haigeuki kuwa 6. Ongeza 7 kabla ya kugawa:

```
15 + (4 - w + 7) % 7
```

`w` ni namba ya siku ya tarehe 1, Alhamisi ikiwa 4.

Dalili ya 6: Kwenye simu mkutano umehama

Kisababishi cha kawaida: ulichagua urudie kila mwezi kwa tarehe, sio kwa siku. Mkutano wa 21 Mei utarudi 21 Juni, nayo ni Jumapili. Futa, uuandike upya ukianzia kwenye Alhamisi ya tatu ya kweli, kisha chagua kurudia kila mwezi «le troisième jeudi». Na usikubali kurudia kila majuma manne. Kuanzia 21 Mei 2026 utapata 18 Juni na 16 Julai, zote sahihi, halafu 13 Agosti, wakati Alhamisi ya tatu ya Agosti ni 20. Miezi miwili ya kwanza ndiyo inayodanganya watu.

Kisababishi kisicho cha mara kwa mara: saa. Goma, Bukavu na Lubumbashi ziko saa moja mbele ya Kinshasa. Aliyeandika mkutano uanze usiku wa manane wa Alhamisi akiwa Goma, mwenzake wa Kinshasa ataona Jumatano saa 23:00. Andika saa halisi ya kukutana, mchana, na mtaona siku moja nyote.

Wapi pa kuacha kuhesabu

Alhamisi ya tatu inaweza kuangukia sikukuu ya taifa. Tarehe 16 na 17 Januari ni za kumbukumbu ya Laurent-Désiré Kabila na Patrice Lumumba, na 16 Januari 2025 ilikuwa Alhamisi ya tatu. Tarehe 17 Mei nayo ni sikukuu. Itaangukia Alhamisi mwaka 2029. Hesabu haitakuambia kama mkutano unarudi nyuma, unaruka juma, au unabaki palepale. Hilo linaamuliwa na kanuni za kikundi, na kama hazisemi kitu, muulize katibu kabla ya kutoa tangazo.

Na ikiwa tarehe hiyo ni ya mahakama, ya kulipa deni la benki, au ya mwisho wa kupinga uamuzi, usiitoe kwa vidole wala kwa Excel. Mahesabu ya muda wa kisheria yana taratibu zake kuhusu siku ya kuanzia na siku ya mwisho. Nenda kwa karani wa mahakama, kwa avoka, au kwenye dirisha la benki, uombe waiandike tarehe yenyewe, siku, mwezi na mwaka, pamoja na muhuri.